Kujibu Maswali ya Ziada ya Kampuni ya Bima: Mfano wa Mgahawa

Mwenye mgahawa anapopeleka fomu ya maombi ya bima ya moto, hutarajia kuambiwa kiasi cha ada anachopaswa kulipa. Wakati mwingine kinachorudi si kiasi cha ada bali ni barua yenye maswali mengine. Kampuni inataka kujua zaidi kuhusu jiko, paa, gesi, au hasara za miaka iliyopita. Wapo wanaoiona barua hiyo kuwa ni usumbufu, wapo wanaomwachia wakala aijibu kwa niaba yao, na wapo wanaojibu kwa neno moja moja, "ndiyo", "hapana", "ipo", ili jambo liishe na bima ianze.

Tunamwomba msomaji aelewe kwamba majibu ya barua hiyo husomwa mara mbili. Mara ya kwanza husomwa na afisa wa kampuni anayepima hatari na kuamua kama bima ikubaliwe, kwa ada gani na kwa masharti gani. Katika makala haya tutamwita mpima hatari. Mara ya pili husomwa baada ya moto. Msomaji wa mara hiyo ni mkadiria hasara, naye husoma akiwa amesimama ndani ya jiko lililoungua, akilinganisha kilichoandikwa na anachokiona. Jibu lililotosha katika usomaji wa kwanza laweza kumwangusha mwenye mgahawa katika usomaji wa pili.

Sababu ni kanuni ya nia njema kabisa, ambayo sheria yetu ya bima iliirithi kutoka Uingereza. Anayeomba bima ndiye anayeijua mali yake, kampuni haiijui. Kwa hiyo anapaswa kueleza kila jambo ambalo lingemfanya mpima hatari makini abadili uamuzi wake, au abadili ada. Akificha au akikosea katika jambo kama hilo, kampuni yaweza kuuhesabu mkataba kuwa haukuwahi kuwapo. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba, kwa kanuni hiyo, si lazima lililofichwa liwe ndilo lililosababisha moto. Mtu aliyenyamaza kuhusu paa la makuti aweza kunyimwa fidia ya moto ulioanzia kwenye nyaya za umeme.

Tuchukue mfano, na tufuatane nao hadi mwisho. Ni mgahawa wa kutunga, lakini maswali aliyoulizwa mwenye nao ni ya kawaida katika biashara hii.

Mgahawa huo uko Tanga. Mama mwenye nao amepanga nyumba ya matofali iliyoezekwa kwa mabati, yenye ukumbi wa viti hamsini na jiko upande wa nyuma. Hupika wali, samaki, kuku na chipsi. Jioni huchoma mishikaki uani. Katika fomu aliandika hivi: ukuta ni matofali, paa ni mabati, matumizi ni mgahawa, hasara zilizopita hakuna, na thamani ya vifaa na samani ni shilingi milioni 40. Baada ya siku nane akaletewa barua yenye maswali sita. La kwanza lilihusu njia zote za kupikia, pamoja na vidhibiti joto vya mashine za kukaangia. La pili liliuliza bomba la kutolea moshi husafishwa lini na nani. La tatu liliuliza kama kuna sehemu yoyote ya jengo, au karibu nalo, iliyojengwa kwa vitu vinavyoshika moto upesi. La nne lilihusu gesi, la tano lilihusu hasara za miaka mitano, "iwe ulidai fidia au hukudai", na la sita liliuliza ile milioni 40 imepatikanaje.

Kabla ya kushika kalamu alifanya jambo ambalo twalishauri kwa kila mtu: aliichukua barua akaingia nayo jikoni, akiwa na futi kamba na daftari. Majibu yanayoandikwa mezani kwa kumbukumbu ndiyo yanayokosewa, tena na watu waaminifu.

Jiko na bomba la moshi

Swali la kwanza lina sababu yake. Chipsi na samaki hukaangwa katika mafuta yenye joto la kati ya nyuzi 160 na 190 za Selsiasi. Kidhibiti joto kikikwama, mafuta huendelea kupata moto. Huanza kutoa moshi, na yakifika nyuzi 350 hivi huwaka yenyewe bila kuguswa na ndimi za moto. Kwa ajili hiyo mashine nzuri huwa na kifaa cha pili, kilicho mbali na kile cha kwanza, ambacho hukata umeme au gesi joto linapozidi na hakirudi mpaka mtu akirudishe kwa mkono. Mpima hatari anapouliza juu ya "vidhibiti joto", huenda hicho cha pili ndicho anachokitafuta.

Jibu la haraka lingekuwa: "Tuna jiko la gesi na mashine za chipsi zenye vidhibiti joto." Mama wa Tanga angeweza kuliandika bila nia ya kudanganya. Lakini alipozikagua mashine zake mbili aliona kwamba ile ya umeme, aliyoinunua dukani, ina vifaa vyote viwili, na ile ya gesi, iliyotengenezwa na fundi wa mtaani, haina hata kimoja. Mpishi hulijua joto kwa kutumbukiza kipande cha kiazi. Basi akaandika:

"Tuna mashine mbili za kukaangia. Ya kwanza ni ya umeme, ya lita 8, ina kidhibiti joto na kifaa cha kukata umeme joto linapozidi. Ya pili ni ya gesi, ya lita 12 hivi, imetengenezwa na fundi, haina kidhibiti joto wala kifaa cha kukata gesi; joto lake husimamiwa na mpishi. Tuna pia jiko la gesi la mafiga manne, na jiko la mkaa la kuchomea mishikaki lililoko uani. Mashine zote huzimwa saa nne usiku na msimamizi wa zamu."

Jibu hili halimpendezi mwenye kuliandika, lakini ni kamili. Limetaja kila kifaa, limetaja kasoro, na halikuchanganya kilichopo na kinachokusudiwa. Hapo pana mtego. Mtu akiona kasoro yake hutamani kuongeza: "Tutaibadilisha hivi karibuni." Sentensi hiyo haimsaidii mpima hatari, kwa sababu hapimi nia, tena yaweza kugeuka kuwa ahadi ndani ya mkataba, na ahadi isiyotimizwa ikawa kisa cha kukataa dai. Kama umekwisha kuagiza mashine mpya na unajua siku itakapofungwa, sema hivyo na uitaje tarehe. Kama hujaagiza, eleza kilichopo tu.

Wapo pia wanaotaka kutaja mitungi ya kuzimia moto hapa. Waitaje, lakini waseme ni ya aina gani. Mtungi wa maji haufai kabisa kwa mafuta yanayowaka, kwani maji hugeuka mvuke ghafla na kuyarusha mafuta. Mtungi wa unga mkavu huzima ndimi za moto lakini hauyapoozi mafuta, hivyo yaweza kuwaka tena. Kwa moto wa mafuta ya kupikia kuna mtungi wake wa kemikali ya majimaji, ambao huyafunika mafuta na kuyapooza. Kuandika "mitungi ipo" hakumwambii mpima hatari lolote kati ya hayo. Soma maandishi yaliyo kwenye mtungi wenyewe, pamoja na tarehe ya ukaguzi wa mwisho, uyanakili kama yalivyo.

Swali la pili, la bomba la moshi, ndilo tunaloliona likijibiwa ovyo kuliko yote. Mvuke wa jikoni hubeba mafuta. Sehemu hunaswa na vichujio vilivyo juu ya jiko, na sehemu hupita ikaganda ndani ya bomba, mahali asipofika mtu na kitambaa. Moto mdogo wa kikaango, ambao mpishi angeuzima kwa kufunika sufuria, huvutwa juu na feni, hukuta utando wa mafuta, kisha hukimbia ndani ya bomba mpaka darini. Vichujio vinavyong'aa havithibitishi kwamba bomba ni safi.

Jibu la wengi ni "husafishwa mara kwa mara." Maneno haya hayana kipimo, na katika usomaji wa pili huleta madhara, maana mkadiria hasara akikuta bomba limejaa utando wa mafuta atauliza hiyo mara kwa mara ilikuwa lini. Miongozo inayotumika Uingereza, ambayo kampuni nyingi za bima huitazama, hukadiria muda wa kusafisha kwa saa za kupika: jiko linalofanya kazi saa 12 hadi 16 kwa siku lisafishwe kila miezi mitatu, la saa 6 hadi 12 kila miezi sita, na la saa chache zaidi ya hapo mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo jibu lenye maana hutaja saa za kupika, hutenganisha vichujio na bomba, na hutoa tarehe. Mama wa Tanga aliandika:

"Tunapika kwa muda wa saa kumi hivi kwa siku. Vichujio huoshwa na wafanyakazi wetu kila Jumamosi. Hatutunzi daftari la kazi hiyo. Bomba lina urefu wa mita 4, linapita darini na kutokea juu ya paa. Halijasafishwa ndani tangu lilipofungwa mwezi Machi 2022."

Tunajua kwamba sentensi ya mwisho ni ngumu kuandika. Kampuni ikiipokea yaweza kupandisha ada, au kutaka bomba lisafishwe ndani ya siku kadhaa na stakabadhi ya fundi iletwe. Hiyo ni gharama inayojulikana na inayoweza kupimwa kabla ya kukubali. Gharama ya kuiacha sentensi hiyo haijulikani mpaka siku ya moto.

Banda la uani

Katika fomu ya mwanzo mama huyu aliandika paa ni mabati, na paa la nyumba ni mabati kweli. Lakini uani kuna banda la makuti lililojengwa miaka miwili baada ya yeye kupanga, ambako wateja hukaa jioni na mishikaki huchomwa. Akilini mwake banda halikuwa sehemu ya jengo. Swali la tatu halikuuliza juu ya jengo peke yake. Liliuliza pia juu ya kilicho karibu nalo. Katika barua za namna hii, maneno madogo kama "karibu", "yoyote" na "iwe au isiwe" ndiyo yanayobeba swali. Tunashauri uyapigie mstari kabla ya kujibu.

Alipima kwa futi kamba. Banda ni la mita 6 kwa 8, nguzo zake ni za mikoko, ukingo wa makuti uko mita 2 na nusu kutoka ukuta wa jiko, na jiko la mkaa liko chini ya ukingo huo. Akayaandika yote, akaambatanisha mchoro wa mkono unaoonyesha nyumba, banda, mitungi ya gesi na mlango wa nyuma. Mchoro si lazima uwe wa msanifu majengo. Ukionyesha umbali na mwelekeo wa kaskazini unatosha, na mara nyingine humwondolea mpima hatari haja ya kuandika barua ya tatu.

Alipokuwa akipima aliona jambo jingine. Duka la jirani, ambalo linashiriki naye ukuta mmoja, huuza na kuhifadhi magodoro. Barua haikuuliza juu ya majirani. Je, aseme? Jibu letu ni ndiyo. Wajibu wa kueleza hauishii kwenye maswali yaliyoulizwa. Magodoro ya sponji huwaka kwa kasi na kutoa moshi mzito, na mpima hatari yeyote angependa kujua kwamba yamepangwa nyuma ya ukuta wa ukumbi. Mwishoni mwa majibu yake akaweka kichwa "Mambo mengine" na kulieleza kwa sentensi mbili.

Swali la gesi halikumpa taabu, ila katika sehemu moja. Siku za kawaida ana mitungi miwili ya kilo 38, iliyosimama nje kwenye kivuli, mmoja ukitumika na mwingine ukiwa wa akiba. Mwezi wa Ramadhani, anapopokea oda za futari, huwa na minne, na miwili kati yake huwekwa stoo kwa kuwa nje hapatoshi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani ya chumba hutulia chini ikisubiri cheche. Kwa hiyo kiasi cha kuandika ni kile cha juu kabisa kinachowahi kuwapo, pamoja na mahali kinapowekwa, wala si kile kilichoonekana siku barua ilipofika.

Hasara zilizopita

Hapa ndipo mama wa Tanga alipokaa muda mrefu zaidi. Katika fomu aliandika "hakuna". Alimaanisha hajawahi kudai fidia, kwani hii ndiyo bima yake ya kwanza. Lakini mwaka 2023 mafuta yaliwaka jikoni, yakaunguza sehemu ya dari, na wafanyakazi wakauzima moto kwa blanketi la kuzimia moto. Alitengeneza dari kwa fedha zake, shilingi 600,000, jambo likasahauliwa.

Hasara na dai ni vitu viwili. Hasara ni kilichotokea. Dai ni ombi la fidia lililopelekwa kwa kampuni. Mpima hatari anataka kujua kilichotokea, kwa sababu jiko lililowaka mara moja lina habari ya kumpa. Swali liliposema "iwe ulidai fidia au hukudai" lilimfungulia mlango wa kusahihisha, na kusahihisha kabla ya mkataba kukubaliwa ni jambo la kawaida kabisa. Baadhi ya watu huogopa kwamba wakikiri kosa la fomu wataonekana waongo, hivyo hulihifadhi kosa kwa kulirudia. Kulirudia ndiko kunakoligeuza. Lililokuwa kuteleza kwa kalamu sasa limeulizwa waziwazi na kukanushwa kwa maandishi. Aliandika:

"Katika fomu yetu tulijibu kwamba hakuna hasara iliyopita. Jibu hilo halikuwa sahihi, na tunaomba lifutwe. Mwaka 2023, mnamo mwezi Juni, mafuta katika mashine ya gesi iliyotajwa katika jibu la 1 yaliwaka na kuunguza sehemu ya dari ya jikoni, upana wa mita 2 hivi. Moto ulizimwa na wafanyakazi. Matengenezo yaligharimu shilingi 600,000, ambazo tulilipa wenyewe. Hatuna kumbukumbu ya siku kamili. Baada ya hapo dari ya eneo hilo iliwekwa bati badala ya mbao laini."

Zingatia sentensi ya "hatuna kumbukumbu". Asiyeijua tarehe asibuni. "Mnamo mwezi Juni" ni kweli. "Tarehe 14 Juni" ingekuwa ubunifu, na ubunifu mdogo ukigunduliwa hutia shaka majibu yote. Zingatia pia kwamba alitaja mashine ileile ya jibu la kwanza. Angeweza kuyaacha majibu hayo mawili yakae mbalimbali, kila moja likiwa kweli, na msomaji asiyaunganishe. Ukweli uliogawanywa ili usionekane haupungui uzito mbele ya mkadiria hasara.

Kama una mshirika katika biashara, muulize na yeye. Swali hili mara nyingi humhusu kila mwenye hisa, na hasara aliyoipata katika biashara nyingine huhesabiwa. Vivyo hivyo, kama kampuni nyingine iliwahi kukataa ombi lenu au kuweka masharti maalumu, lisemwe hata kama mliona walikosea.

Ile milioni 40

Thamani iliyoandikwa katika fomu ilikuwa makadirio ya kichwani. Alipoorodhesha kitu kimoja kimoja, majiko, mashine, friji tatu, meza, viti, vyombo, jenereta, pamoja na vigae na makabati aliyoyafunga mwenyewe katika nyumba ya kupanga, jumla kwa bei za kununua upya ilifika milioni 60. Nyumba yenyewe hakuiweka, kwa kuwa ni mali ya mwenye nyumba.

Tofauti hiyo ina maana kubwa hata katika moto mdogo. Hati nyingi za bima ya moto zina sharti la uwiano: mali ikikatiwa bima pungufu, fidia nayo hupungua kwa kiwango hichohicho. Milioni 40 ni theluthi mbili ya milioni 60. Moto ukiharibu vifaa vya milioni 15, kampuni italipa theluthi mbili, yaani milioni 10, na milioni 5 zitabaki juu ya mwenye mgahawa, ingawa hasara yote ilikuwa chini ya milioni 40 alizolipia ada. Wengi hulijua jambo hili siku ya malipo. Kuongeza thamani kupita kiasi nako hakusaidii, kwani fidia haizidi hasara halisi.

Katika jibu la sita aliomba kiwango kirekebishwe kuwa milioni 60, akaambatanisha orodha, na akauliza swali lake mwenyewe: je, fidia italipwa kwa bei ya kifaa kipya, au bei itapunguzwa kwa uchakavu? Barua ya maswali ya ziada si mahojiano ya upande mmoja, na huu ni wakati mzuri wa mteja kuuliza.

Kuipeleka barua

Majibu yafuate namba za maswali, na swali lolote lisiachwe wazi. Lisilohusika liandikiwe "halihusiki" pamoja na sababu. Andika tarehe, weka sahihi, piga nakala ya barua na viambatisho vyote, na upate uthibitisho kwamba vimepokelewa. Uliyomweleza wakala kwa mdomo hayamo ndani ya barua. Wakala au dalali akikuandikia majibu, yasome neno kwa neno kabla ya kutia sahihi, maana aliyetia sahihi ndiye atakayehesabiwa kuwa ndiye aliyejibu.

Soma pia tamko lililo chini ya fomu. Likisema kwamba majibu yote ndiyo "msingi wa mkataba", uwe mwangalifu hata kwa majibu unayoyaona madogo. Mwaka 1922 mahakama ya juu ya Uingereza iliamua kesi ya Dawsons dhidi ya Bonnin, iliyotoka Glasgow. Wenye lori waliulizwa hulilaza wapi, wakaandika kwa kupitiwa anwani ya ofisi yao badala ya gereji halisi nje kidogo ya mji. Lori likateketea. Majaji walikubali kwamba kosa hilo halikuongeza hatari, lakini kwa kuwa tamko lilikuwa limefanya majibu kuwa msingi wa mkataba, wengi wao waliamua kwamba fidia isilipwe. Waingereza wenyewe waliufuta utaratibu huo kwa sheria ya mwaka 2015. Mkata bima wa hapa asidhani kwamba umefutwa na kwake pia.

Jambo likibadilika baada ya barua kupelekwa na kabla ya bima kukubaliwa, liandikie barua nyingine. Mama wa Tanga alinunua friji ya nne wiki hiyohiyo, akatuma mistari mitatu. Katika muda huo wote alikuwa hana bima. Kupeleka fomu na kujibu maswali hakuanzishi bima, isipokuwa kampuni imetoa hati ya muda kwa maandishi.

Majibu ya kampuni yalimfikia baada ya siku kumi na mbili. Ilikubali ombi kwa ada ya juu kidogo kuliko aliyotarajia na kwa masharti matatu: bomba lisafishwe ndani ya siku 30 na stakabadhi iletwe, mashine ya gesi isiyo na kidhibiti joto isitumike, na jiko la mkaa liwe mita 5 kutoka kwenye makuti. Mawili ya kwanza aliyaweza. La tatu hakuliweza, kwa kuwa ua wake hauna nafasi hiyo. Hakutia sahihi huku akitumaini kwamba hakuna atakayekuja kupima. Aliiandikia kampuni kwamba ua una upana wa mita 9 tu, akaomba ikubali badala yake sehemu ya banda iliyo juu ya jiko la mkaa ivuliwe makuti na kuezekwa mabati, na akasubiri jibu lake kwa maandishi kabla ya kulipa ada.